Mara Moja Baada ya Dakika Tatu

Niseme mapema: mimi sijui kunyamaza. Nikiona kitu kimepinda, ulimi unaniwasha mpaka nikiseme, na nikishakisema ndipo naanza kujuta. Mama yangu kule Ilemba alikuwa akiniombea rozari nzima kwa ajili ya mdomo huu. Haikusaidia. Lakini mwaka ule wa pili wa chuo mdomo ulifaa, na leo nikikumbuka nacheka peke yangu hata nikiwa wodini, wagonjwa wananitazama wakidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Tulikuwa tunasomea uuguzi na ukunga hapa Sumbawanga. Mimi nilipanga chumba Chanji pamoja na rafiki yangu wa darasani, binti wa wafugaji wa Kisukuma walioshuka bonde la Rukwa na ng'ombe wao hata kabla yeye hajazaliwa. Mrefu, mpole, mcheshi, na akicheka nyumba yote inajua. Mwaka ule alijifungua mtoto wa kike katikati ya muhula. Akakaa nyumbani wiki kadhaa, vipindi vya ukunga vikampita, akarudi kufanya mtihani na maziwa yakimvuja, akafeli. Somo moja tu, ila ndilo hilo.

Chuoni kwetu ukifeli unapewa sapu, yaani unarudia mtihani wa somo lile. Ukifeli na sapu, umedisko, unafunga begi. Baba yake alipopigiwa simu hakupiga kelele. Alisema tu, "Jaribu hiyo moja. Ukishindwa, rudi nyumbani na mjukuu wangu, kazi huku haziishi." Alitueleza maneno hayo akiwa amekaa kitandani ananyonyesha, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akicheka. Alikuwa anautaka uuguzi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Sisi wengine tulichaguliwa tukaenda. Yeye aliomba.

Shida yake ilikuwa muda. Mtoto hakumpa nafasi ya kusoma kitabu na bado arudie daftari la vipindi. Na vyote viwili vilihitajika, maana kitabu cha ukunga kilikuwa kimoja maktaba, cha zamani, jalada limeshatoka, kinaazimwa Ijumaa kinarudi Jumatatu. Mwalimu wetu wa ukunga naye, Madam tulivyomwita, hakuwa mtu wa kugawa karatasi. Alifundisha akitembea, mikono nyuma, kila kitu kichwani. Ukikohoa umekosa sentensi.

"Niandikieni kitu kimoja," rafiki yangu alituomba. "Kitabu na kipindi viwe pamoja. Nikipata kimoja cha kushika, nitakimeza chote."

"Tutakuandikia," akajibu mshikaji wetu.

Huyu mshikaji naye lazima mumjue. Alikuwa mwenyeji wa Chanji hapo hapo, mtoto wa katekista, mwandiko wake mzuri kama wa kadi ya harusi. Darasa zima liliomba daftari lake, kwa sababu hakukosa kipindi wala hakukosa neno. Kasoro yake moja: hapendi ugomvi. Kwao watu wakitofautiana, baba mtu anawakalisha sebuleni mpaka kila mmoja anaondoka amepata kidogo. Kijana kakua akijua kwamba hakuna maneno mawili yasiyoweza kupatanishwa.

Tukagawana kazi. Mimi niliazima kitabu, nikatia vipande vya karatasi kwenye kurasa zinazohusika, nikampa. Yeye alikuwa na daftari lake la vipindi. Akae aviunganishe, aandike safi. Nikaenda zangu sokoni nikiwa na amani, mjinga mimi.

Jumamosi mchana akaja na kurasa zake. Ilikuwa miezi ile ya baridi, upepo wa Sumbawanga unapita hadi kwenye mifupa, tumekaa watatu ndani tumejifunika mablanketi, jiko la mkaa mlangoni, mtoto kalala. Rafiki yangu akazipokea kurasa kwa mikono miwili, akazisifu, akaanza kusoma kwa sauti. Akafika kwenye kuzaliwa kwa mtoto.

"Kitovu kibanwe na kukatwa mara moja baada ya dakika moja hadi tatu."

Akarudisha kidole mwanzoni mwa mstari. Akasoma tena, polepole.

"Mara moja. Baada ya dakika tatu." Akatutazama. "Sasa mimi hapo nimeshika mkasi. Nakata au nasubiri?"

"Unasubiri... mara moja," mshikaji akasema.

Weee! Yule dada alicheka! Alicheka mpaka blanketi likaanguka, mtoto akaamka akalia, na bado anacheka, anamtikisa mtoto huku machozi yanamtoka. "Nasubiri haraka haraka! Mama, tulia, nakukatia kitovu ghafla, bado dakika mbili!" Nami nilikuwa nacheka, hadi nilipompokonya kurasa nikaanza kuzisoma mwenyewe. Hapo kicheko kikaniisha. Kitabu kilisema kitovu kikatwe mara moja, mwalimu alisema baada ya dakika moja hadi tatu, yeye kaviunga vyote.

Kitabu kilisema njia ya uzazi ikifunguka sentimita nne, uchungu umekolea. Mwalimu alisema tano. Mshikaji wetu kaandika nne na nusu. Kitabu kilisema ukitaka kusafisha damu iliyomwagika, changanya klorini sehemu moja na maji sehemu sita. Mwalimu alisema sehemu tisa. Kaandika "maji sehemu sita hadi tisa." Kitabu kilisema dawa hiyo ikae juu ya damu dakika kumi, mwalimu ishirini. Kumi na tano, kwa mwandiko wa harusi!

"Wewe!" nikamfokea. "Hii nne na nusu nani kaisema? Kitabu hakijaisema. Madam hajaisema. Umeizaa mwenyewe!"

"Sasa nifanyeje? Wanapingana."

"Si ungetuambia kwamba wanapingana!"

"Mtu anayejiandaa na sapu unampa mashaka ya nini? Ameomba kitu kimoja."

"Ameomba kitu kimoja cha kweli, hakuomba uji!"

"Basi tufuate kitabu tu."

"Kitabu cha zamani hicho, utajuaje hakijapitwa?"

"Basi tufuate Madam tu."

"Madam naye ni malaika? Hakosei?"

"Wewe unataka nini sasa?" akaniuliza, na kusema kweli sikuwa najua. Nilijua kufoka tu.

Aliyejua ni yeye mwenye sapu. Alikuwa ameshamtuliza mtoto, anafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Nyumbani kwetu," akasema, "makundi mawili ya ng'ombe yakikutana mtoni yanachanganyika. Jioni mnatenga: huyu wetu, huyu wenu. Wengi wanajulikana. Sasa akibaki mmoja ambaye huyu anasema wangu na yule anasema wangu, hamumkati katikati. Na hamumwachi aende na kundi lolote, maana akishaingia zizini ndiyo imetoka hiyo, hutamwona tena. Anafungwa pembeni, peke yake, kila mtu amwone, mpaka wenye makundi wote wawili wafike waseme ni wa nani."

Mshikaji akanyoosha mkono akachukua kurasa zake. Jiko linapiga cheche tu.

"Mfungeni pembeni," akasema. "Mimi sitachanganyikiwa. Nachanganyikiwa mkimficha."

Ndivyo kazi ilivyoanza upya, na sijawahi kufurahia kusoma kama siku zile. Tuliandika kwa utaratibu wake. Mahali kitabu na mwalimu wanakubaliana, sentensi moja, inaendelea. Mahali mmoja amesema na mwingine amenyamaza, tunaandika na kutaja aliyesema, maana kunyamaza si kukataa. Hilo mshikaji ndiye aliyelisema, na ndipo nikaanza kumsamehe. Mahali wanapingana, tunaacha kuandika kwenye mstari wa kawaida. Tunachora kisanduku chekundu pembeni, ndani yake kitabu kinasema hivi, ukurasa fulani. Mwalimu anasema hivi, kipindi cha siku fulani. Maneno yao wenyewe, bila kuyalainisha. Chini tunaacha nafasi tupu ya jibu. Tukaviita ng'ombe wa pembeni. Ukisikia mtu anapiga kelele "Ng'ombe!" ujue kitabu na Madam wamegongana tena.

Mshikaji akawa mkali kuliko sisi. Mtu aliyekuwa anapatanisha kila kitu sasa alikuwa anawinda. "Ng'ombe! Subiri, subiri, soma tena hiyo. Aa, huyu si ng'ombe, ni maneno tofauti tu, maana moja." Maana na hilo tulilijifunza, kwamba si kila tofauti ni ugomvi. Kitabu kikisema saa moja na mwalimu dakika sitini, hapo hakuna kesi, usinijazie zizi.

Ila ng'ombe wakishafungwa lazima mwenyewe aitwe. Kitabu kilikuwa kimeshasema yake. Aliyebaki ni Madam.

Hapo mshikaji akarudi kuwa mtoto wa katekista. "Mnaenda kumwambia mwalimu kwamba kitabu kinampinga? Kabla ya sapu? Na yeye ndiye atakuwa kwenye chumba cha vitendo siku ya mtihani?" Kusema ukweli hata mimi, pamoja na mdomo wangu wote, nilianza kutafuta sababu ya kutokwenda. Madam alikuwa mama wa Kifipa wa makamo, mnyoofu, hana mchezo. Ukimsalimia vibaya unaambiwa utoke uingie upya.

"Nitaenda mimi," akasema mwenye sapu. "Mwenye kufeli ni mimi."

Hatukumwacha aende peke yake. Tukamkuta Madam ofisini anakunywa chai ya mchana. Rafiki yangu mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo mlangoni.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Madam. Samahani, tuna mambo hatujayaelewa."

Akamkabidhi kurasa. Madam akavaa miwani. Akasoma kisanduku cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikaanza kuhesabu misumari ya dirisha. Mshikaji jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Nani amechora hivi?" Madam akauliza.

"Sisi wote," nikasema.

"Hapa mmeandika nilisema dakika ishirini. Damu iliyomwagika sakafuni, dakika ishirini."

"Ndiyo Madam," mshikaji akajibu kwa sauti ya mtu anayeungama. "Nilinukuu."

Madam akavua miwani. Halafu akacheka. Si kicheko cha ofisini, ni kile cha jikoni, cha kupiga paja. "Jamani! Hapa nimewadanganya! Ishirini ni kuloweka vifaa vilivyokwisha safishwa, tena kwenye dawa nyepesi zaidi. Damu ya sakafuni ni kumi. Kitabu kiko sawa, mimi nilirukia somo la mbele. Na darasa zima mkaandika, hakuna aliyeinua mkono!" Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe kwenye ile nafasi tupu: kumi. Akatia sahihi yake, eti ili tusimsingizie.

Mama yangu wee! Mwalimu mwenye ofisi yake anakiri amekosea! Nilitamani kumkumbatia.

Tukaendelea na wengine. Kitovu: kitabu kimepitwa, siku hizi mnasubiri dakika moja hadi tatu ili mtoto apate damu yake kutoka kwenye kondo, isipokuwa mtoto hapumui na anahitaji kusaidiwa, hapo unabana na kukata haraka umpeleke kwenye kumsaidia. "Kumbe hata mara moja ilikuwemo," mshikaji akanong'ona, nikamkanyaga mguu. Sentimita: fomu za zamani za kufuatilia uchungu zinaanzia nne, mwongozo mpya unaanzia tano. "Jibuni tano. Lakini nne msiifute, iandikeni ni ya lini. Mtakuja kupelekwa kituo mkute ile fomu ya zamani bado imebandikwa ukutani, mjue imetoka wapi."

Ikabaki klorini, sita na tisa. Tukamsubiri aseme nani kashinda. Madam akasimama, akafungua kabati, akatoa chupa mbili za klorini za kampuni tofauti, akaziweka mezani mbele ya rafiki yangu.

"Nisomee."

Akaigeuza ya kwanza. "Asilimia tatu na nusu."

"Nyingine."

"Asilimia tano."

"Mnataka ibaki nusu asilimia. Haya, piga hesabu."

Rafiki yangu akaanza kupiga hesabu kwa vidole juu ya meza, mtoto anachungulia begani kwake. Ile ya tatu na nusu, moja ya dawa na sita za maji ni sehemu saba. Tatu na nusu ukigawa kwa saba ni nusu. Ile ya tano, moja na tisa ni kumi. Tano kwa kumi ni nusu. Akainua uso, umewaka.

"Wote wawili wako sawa! Madam, hawagombani kabisa! Kila mmoja anazungumzia chupa yake!"

"Na yule aliyeandika sita hadi tisa?" Madam akauliza, maana karatasi ya kwanza ya mshikaji ilikuwa imebaki katikati ya zetu, Mungu amlaani aliyeichanganya.

"Huyo ni mimi," mshikaji akasema. "Nimeshatubu, Madam."

Tulitoka mle tunakimbia kama watoto waliofunga shule. Rafiki yangu alikuwa anaimba njia nzima, akina mama wauza mahindi wanamshangilia bila kujua anashangilia nini.

Siku ya sapu sisi hatukuruhusiwa kusogea. Tulikaa chini ya ukuta wa bweni na mtoto. Mimi nambeba, mshikaji anampepea, ingawa kulikuwa na baridi na hakuna aliyehitaji kupepewa. Karatasi ya maandishi ilipita asubuhi. Mchana ikawa vitendo. Alipotoka akamchukua mtoto kwanza, akamnyonyesha, ndipo akasimulia.

Kwenye meza ya mwisho walikuwa wamemwaga damu ya bandia sakafuni. Ndoo, kikombe cha kupimia, glovu, chupa ya klorini imegeuzwa, maandishi hayaonekani. Msimamizi, mtu mgeni asiyemjua, akamuuliza: "Kikombe kimoja cha dawa, maji kiasi gani?"

"Nikamwambia, chupa inasemaje?"

"Ulimuuliza msimamizi swali?" nikashangaa.

"Nilimuuliza. Akaniangalia tu. Nikanyoosha mkono nikaigeuza. Tano. Nikapima tisa."

"Na Madam?"

"Alikuwa kwenye meza nyingine kabisa, anatazama dirishani. Lakini mabega yake nilikuwa nayaona yanacheka."

Majibu yalipotoka tulikuwa tunafua. Kiongozi wa darasa alikuja anakimbia toka getini, na mimi nilivyo, nikaanza kumfokea aseme haraka kabla hajafika. Akasema kwa mikono, dole gumba juu. Nikapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka Wampembe ziwani. Mshikaji akamwaga beseni zima la maji ya sabuni miguuni kwetu. Rafiki yangu hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye tope, mikono ina povu, akalia kwa furaha mpaka akapata kwikwi.

Halafu akampigia baba yake. Mkono ulikuwa unateleza, nikamshikia simu mimi, nikaweka sauti ya wote. Ng'ombe wanasikika upande wa pili, na upepo.

"Baba, nimefaulu."

Tukadhani mtandao umekata.

"Baba?"

"Nipo," mzee akasema. Akakohoa. Kisha, kwa sauti ya taratibu, ya mtu anayeingia ofisini kwa mkubwa, akasema: "Shikamoo, nesi."

"Baba, usiniamkie!" akapiga yowe, akaanguka magoti mbele ya ile simu mkononi mwangu, anacheka, analia, kichwa kimeinama. "Baba jamani, shikamoo wewe!"

"Mimi nimeanza," mzee akasema. "Itikia."

Hakuitikia. Angeitikiaje? Alibaki pale amepiga magoti, na mimi nimesimama na simu hewani, nalia kuliko yeye.